Namba ya Mama Shadia Ilipouzwa Tena

Insaf alikuwa mke wa mtu aliyeko Kuwait, na kwetu Tanta, hapa Misri, hiyo ni kazi kamili. Unaolewa na kukaa na bwana wiki chache, kisha anaondoka, na unabaki kuwa mke kwa simu. Mabruk alikuwa fundi wa lipu. Alirudi kila kiangazi kwa mwezi mmoja, akapaka ukuta mmoja wa nyumba yao, akala bata, akaondoka. Zamani alikuwa akituma kaseti za sauti yake kupitia watu wanaosafiri. Simu za kisasa zilipokuja, akawa anamtumia Insaf sauti kwa WhatsApp asubuhi akisubiri basi la kazini, na usiku akiwa kitandani huku wenzake wakikoroma. Kuandika hakukuwa kazi yake. Mkono uliozoea mwiko hauna haraka na vitufe.

Insaf mwenyewe alikaa Mtaa wa Kinu akiuza achari mlangoni: limau, bilinganya zilizojazwa kitunguu saumu na pilipili, tanipu nyekundu kwa rangi ya kiazisukari. Nilikuwa mteja wake kabla yeye hajawa mteja wangu. Achari yake haikushuka bei hata ukilia. Mimi, ninayeishi kwa kupunguziwa, nilimheshimu kwa hilo.

Mabruk alikufa kulekule, usingizini, na akarudishwa kwa ndege ndani ya sanduku. Sitalielezea hilo. Kila mtaa hapa una watu waliorudi hivyo.

Ilipita miezi mingi kati ya hapo na siku Insaf alipoingia dukani kwangu na shemeji yake, Haji Shehata, kaka mkubwa wa marehemu. Haji alibeba simu mpya ndani ya boksi lake, hajaifungua hata plastiki. Insaf alibeba ile ya zamani ameifunga kwa mpira wa nywele, maana betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko wa nyuma umefunguka kama mdomo.

"Fundi Galal," Haji akasema, "mhamishie huyu mambo yake. Hii ya zamani italipuka siku moja imchome uso."

"Mambo gani?"

"Majina ya watu," Insaf akadakia. "Na mazungumzo ya Mabruk. Majina yakipotea nitayatafuta. Mazungumzo usiyapoteze."

"Utampa punguzo?" Haji akauliza.

"Haji, hata sijagusa kitu unataka punguzo. Umenizidi."

Insaf hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli lililojaa.

Nilianza na majina kwa sababu ndiyo rahisi. Watu wa rika lake huhifadhi majina kwenye laini yenyewe, ile kadi ndogo, si kwenye simu wala kwenye Google. Nikaitoa kadi, nikaiweka kwenye simu mpya, nikaamuru majina yote yanakiliwe kwenye simu. Yakaja: Muuza siki, Daktari wa meno, Shadia binti yangu, Baba Shadia Kuwait. Yote yalikuwepo. Lakini juu ya kioo, pale inapoonyesha mtandao, palikuwa na alama ya msalaba.

Nikaitoa kadi, nikaifuta, nikairudisha. Bado.

"Mama Shadia, laini hii mara ya mwisho kuitumia kupiga ni lini?"

"Mimi napiga kwa WhatsApp. Naunga mtandao wa jirani."

"Na watu wanaokupigia kawaida?"

Akafikiri. "Hawanipigii. Nikasema ndiyo hali ya mjane. Watu hupiga siku za msiba, halafu wanachoka."

Haji Shehata akaanza kuangalia vifuniko vya simu vilivyotundikwa ukutani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetaka kununua.

"Haji," nikamwambia, "laini hii imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?"

Hapa kwetu hili halihitaji hata kuulizwa. Mume anapomnunulia mkewe laini, hutoa kitambulisho chake mwenyewe, maana hataki mkewe asimame foleni na wanaume pale kampuni ya simu. Nusu ya wanawake wa Tanta wanaongea kwa majina ya waume zao.

"Cha Mabruk," Haji akasema. "Zilikuwa laini tatu kwa jina lake. Baada ya arobaini nilikwenda na cheti cha kifo, nikazifunga zote. Zilikuwa zinakula ada. Sikutaka ndugu yangu alale kaburini akidaiwa."

"Ukaifunga yangu," Insaf akasema.

"Nilifunga za Mabruk."

"Ukaifunga yangu, Shehata."

Kutoka hapo hakusema naye tena. Haji aliweka boksi la simu mezani, akatoka nje, akasimama kwenye jua.

Nikamweleza Insaf jinsi mambo yalivyo, bila kuremba. WhatsApp haijali kama kadi ina mtandao au haina, ukishafungua unaendelea. Ndiyo maana simu yake ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Lakini simu mpya, kabla haijakukubali, hutuma ujumbe wenye tarakimu sita kwa namba yako, ikihakikisha kwamba ni wewe. Ujumbe huo ungekwenda kwenye laini iliyokufa. Bila tarakimu hizo hakuna kuhamisha chochote. Nikamuuliza kuhusu nakala ya Google. Hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo isingefunguka bila namba ileile.

"Kwa hiyo yamepotea."

"Hayajapotea. Ndani ya WhatsApp kuna mahali pa kubadilisha namba. Tunaibadilisha kutoka hukuhuku kwenye simu ya zamani, maana yenyewe bado inaitambua namba yako. Mazungumzo yanabaki yalivyo, namba tu inabadilika. Kisha tunahamia kwenye simu mpya kwa namba mpya. Nenda ukanunue laini kwa kitambulisho chako. Chako, si cha Haji wala cha mtu mwingine. Na simu hii usifute kitu, usitoe WhatsApp, usimpe mtu aitengeneze."

"Hata Shadia?"

"Hata malaika."

Kitambulisho chake kilikuwa kimekwisha muda na bado kimeandikwa kwamba ana mume. Pale kampuni ya simu wakamrudisha. Ikabidi aende ofisi ya uraia na cheti cha kifo, apige picha, asubiri kadi mpya yenye neno mjane. Aliniambia baadaye kwamba karani alimuuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Hali ya ndoa?" naye akashindwa kujibu, hadi mwanamke wa nyuma yake akajibu kwa niaba yake.

Alipopata kitambulisho akapata laini. Siku hiyohiyo akaja kwangu mbio, ana achari za wateja mkononi hajazipeleka, akanisukumia simu ya zamani juu ya meza.

Kioo kilikuwa kinasema kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine, na kwamba athibitishe namba ili aingie tena.

"Sikugusa," akasema. "Wallahi, fundi, sikugusa kitu."

"Najua. Wameiuza."

Kampuni za simu haziachi namba ipotee. Laini ikifungwa na ikakaa, namba inawekwa kwenye kadi nyingine na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo akifungua WhatsApp kwa namba hiyo, aliyekuwa nayo mwanzo anatolewa nje, maana namba moja haina wenyewe wawili. Mazungumzo ya Mabruk yalikuwa bado mle ndani ya simu ya zamani, nyuma ya mlango. Ufunguo ulikuwa kwa mtu tusiyemjua.

"Andika laini yangu mpya tu," Insaf akasema.

"Hapana. Hapa tulipo, kuandika namba nyingine ni kucheza kamari. Inaweza kukufungulia ukurasa mtupu. Ni namba ileile au basi."

Nikapiga. Namba ile ya zamani ilipoita mara ya pili, akapokea kijana, nyuma yake injini inanguruma.

"Nani?"

"Ndugu yangu, habari ya kazi. Naitwa Galal, nina duka la simu Tanta. Namba yako hii ilikuwa ya..."

"Hapana."

"Sijasema kitu bado."

"Mtasema nimeshinda zawadi. Halafu mtaomba nambari itakayokuja kwa meseji. Nikiwapa, kesho mama yangu anapata ujumbe kutoka kwangu unaomba pesa. Kaka, katafute kazi."

Akakata. Na alikuwa na haki yake. Ndicho hasa nilichotaka kumwomba. Kila redio na kila imamu wameshawaambia watu wasitoe tarakimu hizo hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mimi nimekuwa nikinunua na kuuza tangu nikiwa na sinia la betri kichwani pale stesheni, na najua kwamba anayekata simu kwa maneno mengi bado hajafunga duka. Anayefunga duka hukata kimya. Nikasubiri amalize safari yake, nikapiga tena.

"Wewe una tuktuk," nikasema.

"Umenijuaje?"

"Injini yako inahitaji plagi mpya. Sikiliza, usinipe kitu. Niulize wewe. Niulize chochote, ukiona ni mwongo, kata na unizuie."

"Hiyo namba unasema ilikuwa ya nani?"

"Ya mama mmoja. Yuko hapa."

"Anaitwaje?"

"Mama Shadia."

Injini ikazimwa. Nikasikia ndege, na mtu akiuza gesi mbali.

"Anauza achari?" kijana akauliza.

Insaf alikuwa ananitazama. Nikaweka spika.

"Naitwa Fathallah, niko Kafr el-Dawwar," kijana akaendelea. "Tangu ninunue laini hii sina raha. Kuna mama ananipigia kila Alhamisi anataka limau za kuchacha. Namwambia mimi si Mama Shadia, ananiambia basi mpe simu. Kuna mwingine alilia. Akasema, 'Insaf, nimesikia habari ya Mabruk leo, nisamehe nilikuwa Saudia.' Nikamwambia pole, nifanyeje, nikamwambia tu pole."

Insaf akavuta kiti. Hakukaa, alikishika tu mgongo wake.

"Walikuwa wanapiga," akasema, si kwangu wala si kwa kijana.

"Mama," Fathallah akasema, "ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Mwanangu, yule wa Saudia hakusema jina?"

"Hakusema. Samahani."

"Haya. Sikiliza, mimi sitaki namba. Kaa nayo, Mungu akubariki nayo. Mume wangu yuko ndani ya simu yangu na siwezi kuingia."

Kijana akamung'unya maneno. Hapo nikaongea naye mimi, maana huruma peke yake haitoshi. Mtu lazima ajue atapoteza nini. Nikamwambia waziwazi kwamba akitusomea tarakimu atatolewa kwenye WhatsApp yake kwa muda. Vikundi alivyoingia kwa namba ile vitakuja kwetu na tutatoka humo, naye aombe wenzake wamrudishe. Tukimaliza, ajisajili tena kwa namba yake. Mazungumzo yaliyo kwenye simu yake hatutayaona, maana yako kwake.

"Na nikisema hapana?"

"Utabaki kuuza achari."

Akacheka, kwa pua. "Mnitulizie basi yule mama wa Alhamisi."

"Nitampigia leo," Insaf akasema.

Akatusomea tarakimu. Hakuwa ameweka ile namba ya siri ya ziada ya WhatsApp ambayo ningemwomba pia. Nikaziandika kwenye simu ya zamani, ikazungukazunguka, kisha mlango ukafunguka. Kwanza viliingia vikundi vyake. Kimoja cha madereva wa tuktuk kilikuwa kinamtukana mtu aliyeegesha mbele ya kinyozi. Kisha yakatokea mazungumzo ya Insaf, na juu kabisa, alikoyabandika mwenyewe, yale ya Baba Shadia Kuwait. Picha yake haikuwepo tena, kilikuwa kiduara cha kijivu. Mtu akikaa kimya kwa miezi, hata picha huondolewa.

Sikumwachia aguse. Nikatoka kwenye vikundi vya kijana, nikaingia kwenye mipangilio, akaunti, badilisha namba. Namba ya zamani juu, mpya chini. Tarakimu zikaja kwenye laini yake mpya, aliyoisajili mwenyewe kwa kitambulisho chake cha mjane. Zikakubaliwa. Nikampigia Fathallah nikamwambia jisajili. Kisha nikafungua WhatsApp kwenye simu mpya kwa namba mpya, ikauliza kama nataka kuhamisha mazungumzo kutoka simu ya zamani. Ikachora ule mraba wenye vidotidoti, nikauelekezea kamera ya simu ya zamani. Nikazilaza mbili kando kwa kando, zote kwenye chaja, na feni juu ya ile iliyovimba. Mstari wa kijani ukaanza kutembea.

Ulitembea haraka. Haraka kuliko nilivyotarajia kwa ndoa ya simu ya miaka yote ile.

Ulipofika mwisho nikampa simu mpya. Kwa vile majina yalikwishanakiliwa, jina lilikuwa palepale juu: Baba Shadia Kuwait. Akapandisha juu kwa kidole, akapandisha, sauti zimepangana moja chini ya nyingine, zake kijani, za Mabruk nyeupe. Akabonyeza moja. Haikulia. Simu ikaandika kwamba faili halipo tena, na amwombe aliyetuma atume upya.

Akabonyeza ya chini yake. Maneno yaleyale. Ya chini yake. Maneno yaleyale.

"Fundi."

Nikaichukua ya zamani, nikaingia kwenye folda ya sauti. Karibu yote ilikuwa tupu.

"Mama Shadia, kuna mtu alisafisha simu hii. Si sasa, zamani."

Akanitazama, na nikaona amekumbuka.

"Mimi," akasema. "Kila mwaka. Simu ilikuwa inajaa, na Mabruk akija alikuwa anagomba, anasema simu yako imechoka kama punda. Kwa hiyo wiki ya kuja kwake naosha mazulia, natoa godoro juani, nafuta sauti. Mwenyewe anakuja, sauti za nini? Shadia alinionyesha folda, nikawa nafanya mwenyewe. Sikugusa mazungumzo, nilifuta sauti tu, nikajua mazungumzo yapo." Akashika kioo kwa kidole. "Na mwaka huu nilifuta. Alikuwa amekata tiketi."

"Zinarudishika?" akauliza baadaye.

Kuna mafundi mtaani kwangu ambao wangesema ndiyo, wakachukua simu wiki nzima na kumrudishia na bili. "Hapana," nikamwambia. "Zilizofutwa zamani vile, na simu imeandika vingine juu yake, hapana. Lakini shuka chini kabisa. Alizotuma baada ya wewe kusafisha."

Akashuka. Zilikuwepo, chache, za siku zile kati ya zulia kuoshwa na habari kufika. Akaweka simu sikioni, si kwa spika, lakini duka langu ni jembamba.

Hakukuwa na mapenzi mle. Mabruk alikuwa anauliza upana wa mlango wa jikoni, maana ameona friji kwa Mhindi mmoja. Insaf akajibu apime mwenyewe akija. Mabruk akauliza Shadia sasa anavaa kiatu namba gani. Akalalamika juu ya kilo za mizigo. Akasema kifua kinambana, ni vumbi la jasi. Ya mwisho alikuwa ameikatisha, sauti ina usingizi: "Haya, lala. Mengine nikija."

Ziliisha mapema. Kahawa niliyomwagizia ilikuwa bado ina mvuke.

"Ndiyo hizo," akasema.

"Ndiyo hizo. Nitakunakilia kwenye simu ya Shadia pia, na nitakuwekea nakala ya Google, uandike nywila kwa mkono wako mwenyewe. Zisikae mahali pamoja."

"Fanya."

Nilipokuwa nafanya, Haji Shehata akatokea mlangoni. Alikuwa amemfuata Insaf, akakaa duka la jirani muda wote, niligundua, anasikiliza. Hakuingia. Alishika fremu ya mlango, akasema na mimi, si na yeye.

"Imekubali?"

"Imekubali, Haji. Zimebaki chache."

"Mimi sina hata moja," akasema. "Mimi na Mabruk tulikuwa tunapigiana tu. Ukikata, imekwisha." Akajipangusa jasho shingoni. "Nilitaka kuuliza kama inasikika vizuri. Sauti yake. Kama ni safi."

Insaf aliuvuta ule mpira wa nywele, akaufunga tena kwenye simu ya zamani ambayo sasa haikuwa na kazi tena, akaitia mfukoni. Nilikuwa nimetaka aniachie kwa vipuri, sikuomba. Kisha akainua ile mpya, akatafuta mahali kwa kidole, akamnyooshea shemeji yake bila kumtazama.

"Ile ya friji," akasema. "Bonyeza hapo. Usishikilie kidole, itafutika."

Haji akaichukua kwa mikono miwili na kuiweka sikioni, akageuka upande wa barabara. Mteja mwingine akaniuliza bei ya chaja, nikamwambia, akasema ni ghali, nikamwacha aende.